Sentensi ndefu: nani alimtenda nani?

Chukua sentensi ya aina inayosikika kwenye taarifa za redio huku Kisumu: *Mvuvi ambaye boti yake ilinaswa na maafisa waliokuwa wakipiga doria karibu na Dunga baada ya wakazi kulalamikia nyavu zenye matundu madogo ameomba msamaha.*

Dhana: nomino ya watu iliyo karibu zaidi na kitenzi kikuu ndiyo mtendaji.
Ndiyo maana wengine husikia kwamba wakazi ndio walioomba msamaha. Ukweli ni kwamba kitenzi chenyewe humtaja mwenyewe. "Ameomba" kinaanza na *a-*, kwa hiyo kinamtaka mtu mmoja. Kwa wakazi au maafisa ingekuwa "wameomba". Nyavu ni *zi-*, matundu ni *ya-*, boti ni *i-*. Anabaki mvuvi peke yake, ingawa yuko mwanzoni kabisa.

Sasa andika kila tendo kivyake. Mvuvi ameomba msamaha. Maafisa walinasa boti ya mvuvi. Maafisa walikuwa wakipiga doria. Wakazi walilalamikia nyavu. Pale penye "ilinaswa" nimegeuza, kwa sababu *-w-* ya kutendwa humpeleka mtendaji nyuma ya "na".

Baada ya kuandika hivyo, mapengo nayo hujitokeza. Nyavu hizo ni za nani? Sentensi haisemi kuwa ni za mvuvi huyu. Msamaha anamwomba nani? Haisemi pia. Wasikilizaji wengi hujaza hayo wenyewe, kisha wakaapa kwamba yametangazwa. Kwangu mimi, hii ndiyo faida kubwa ya kuvunja sentensi.

Dhana: kata penye koma au penye "na".
Sentensi ile haina koma hata moja, na "na" zake haziungi vishazi. Tafuta vitenzi. Chenye *-o-* au *-ye-* ya urejeshi, au kilichotanguliwa na "ambaye", kiweke kando kwanza, pamoja na kitenzi cha *-ki-* kinachokifuata, kama "wakipiga" baada ya "waliokuwa". Kinaeleza nomino tu. Kilichobaki chenye kiambishi cha nafsi na wakati ndicho kikuu.

Dhana: jina linalofuata kitenzi ndilo lililotendwa.
Hapa Kiswahili kina mtego. *Dereva aliyewashtaki wachuuzi amelipa faini*: dereva ndiye aliyeshtaki. *Dereva waliyemshtaki wachuuzi amelipa faini*: wachuuzi ndio walioshtaki. Maneno yamekaa kwa mpangilio uleule, ila *a-* na *-wa-* zimekuwa *wa-* na *-m-*.

Lakini akiwa mchuuzi mmoja tu wa soko la Kibuye, viambishi havikusaidii tena. *Dereva aliyemshtaki mchuuzi amelipa faini* inaweza kuwa na maana zote mbili, kwa sababu *a-* na *-m-* zinawafaa wote wawili. Ukiisoma, tafuta jibu katika sentensi za jirani. Ukiwa mwandishi, tumia amba-: "dereva ambaye mchuuzi alimshtaki" au "dereva ambaye alimshtaki mchuuzi".