Mteja kahamia Dodoma, kwa nini mauzo ya Mwanza ya mwaka jana yamepungua?

Kila robo mwaka inapofungwa, kitengo chetu cha takwimu hupokea malalamiko yanayofanana. Msambazaji analeta taarifa ya mauzo kwa mikoa, tunailinganisha na ile aliyoileta mwaka uliopita kwa kipindi kilekile, na namba hazikubaliani. Tukimwandikia kuomba maelezo, majibu ni yaleyale: mfumo una virusi, au kijana wa kompyuta amechezea takwimu. Kwa sehemu kubwa si virusi wala si kijana. Ni mteja aliyehama mkoa, na karani aliyefanya kazi yake vizuri kwa kusahihisha anwani.

Tuchukue mfano mdogo. Msambazaji mmoja ana wateja watatu Mwanza. Kati ya Januari na Juni 2024 walinunua bidhaa za shilingi milioni 18, milioni 15 na milioni 9, jumla milioni 42. Dodoma kwa kipindi hicho iliuza milioni 20. Taarifa ikachapwa, ikasainiwa na kupelekwa kunakohusika. Tarehe 1 Julai 2024 mteja namba 0417, yule wa milioni 15, akahamishia duka lake Dodoma. Karani akafungua ukurasa wa mteja, akafuta "Mwanza", akaandika "Dodoma", akahifadhi. Mwaka 2025 mtu akaitoa upya taarifa ya Januari hadi Juni 2024, na safari hii Mwanza ikasoma milioni 27 na Dodoma milioni 35.

Hakuna mauzo yaliyofutwa. Katika mifumo mingi, mstari wa mauzo hubeba tarehe, kiasi na namba ya mteja tu. Mkoa haumo. Mkoa umeandikwa mahali pamoja, kwenye orodha ya wateja, na taarifa ikitolewa kompyuta huenda huko kuuliza: 0417 yuko mkoa gani? Orodha inajibu kwa hali ya leo, kwa sababu haijui nyingine. Mauzo ya Machi 2024 yanapewa mkoa wa mwaka 2025. Linganisheni na risiti ya EFD: ile iliyotolewa Machi haibadiliki hata mnunuzi ahame mara tatu, kwa kuwa kila kilichohitajika kiliandikwa siku ile. Taarifa ya mikoa si risiti. Inatungwa upya kila mnapobonyeza kitufe, na hilo watu wengi hawataki kulikubali.

Madhara yake yanaonekana zaidi kwenye ulinganisho. Tuseme Januari hadi Juni 2025 Mwanza imeuza milioni 30 na Dodoma milioni 37. Kwa taarifa iliyosainiwa, Mwanza imeshuka kwa milioni 12 na Dodoma imepanda kwa milioni 17. Kwa taarifa iliyotolewa upya, Mwanza imepanda kwa milioni 3 na Dodoma imepanda kwa milioni 2 tu. Kama msimamizi wa kanda analipwa posho kwa ukuaji, mmoja atapongezwa na mwingine ataitwa ajieleze, na yote mawili yameamuliwa na ukurasa wa anwani.

Tuseme haki pia: hesabu hiyo ya pili si ya uongo moja kwa moja. Inajibu swali lingine, yaani wateja walioko Mwanza leo walinunua kiasi gani mwaka jana. Wateja wawili waliobaki Mwanza wametoka milioni 27 hadi milioni 30, na hiyo ni habari njema ambayo taarifa ya kwanza inaificha. Kosa ni kuchapa majibu ya maswali mawili chini ya kichwa kimoja cha habari. Anayetaka zote mbili aandike wazi, "mkoa wakati wa mauzo" na "mkoa wa sasa".

Dalili za tatizo hili ni rahisi kuzitambua. Jumla kuu haitikisiki. Katika mfano wetu ni milioni 62 kabla na baada. Mikoa miwili inatofautiana kwa kiasi kilekile, mmoja umepungua na mwingine umeongezeka. Kiasi hicho, hapa milioni 15, ni sawasawa na manunuzi ya mteja mmoja au wachache katika kipindi hicho. Mkiona hayo matatu, acheni kutafuta mwizi na mtafute aliyehama. Jumla kuu nayo ikibadilika, hapo kuna jambo jingine na mnatakiwa kuliangalia kwa makini zaidi.

Kinga ya kwanza, inayowatosha wafanyabiashara wengi, ni kuandika mkoa kwenye mstari wa mauzo siku ya mauzo. Mnaongeza safu moja, na mfumo unanakili mkoa wa mteja wakati ankara inapohifadhiwa. Kuanzia hapo taarifa ya mikoa husoma safu hiyo na haigusi orodha ya wateja. Wanaotumia Excel mara nyingi hudhani tayari wanafanya hivyo, kumbe safu yao ya mkoa ina fomula kama hii:

```
=VLOOKUP(B2,Wateja!A:C,3,FALSE)
```

Fomula hiyo huuliza upya kila wakati, kwa hiyo mkibadilisha mkoa wa mteja kwenye karatasi ya Wateja, historia yote inahama naye. Mwezi ukifungwa, chagueni safu ya mkoa, nakilini kwa Ctrl+C, bonyezeni Ctrl+Alt+V, chagueni Values, kisha OK. Fomula inaondoka, neno linabaki. Fanyeni hivyo kabla ya kubadilisha anwani ya mteja yeyote. Mkichelewa, mtakuwa mmegandisha kosa.

Tahadhari kwa walio na mauzo ya miaka ya nyuma. Siku mnapoongeza safu hiyo, msijaze mistari ya zamani kwa kuchukua mkoa wa sasa kutoka orodha ya wateja. Waliokwishahama watapigwa muhuri wa mkoa usio wao, na safari hii kosa halitajionyesha tena. Rudini kwenye ankara, hati za kupelekea mzigo au taarifa zilizosainiwa. Palipokosekana ushahidi, andikeni "haijulikani". Mkoa wenye jina hilo kwenye taarifa unaudhi, lakini tunaupokea. Mkoa wa kubahatisha tunaurudisha.

Kinga ya pili inafaa pale mteja ana mambo mengine yanayobadilika, kama daraja la bei au afisa mauzo wake. Badala ya kufuta mkoa wa zamani, mnaweka jedwali la pembeni lenye safu nne: namba ya mteja, mkoa, kuanzia, hadi. Mteja 0417 anakuwa na mistari miwili. Wa kwanza ni Mwanza, kuanzia siku alipoandikishwa hadi 2024-07-01. Wa pili ni Dodoma, kuanzia 2024-07-01 hadi 9999-12-31, tarehe ya mbali inayomaanisha "mpaka sasa". Taarifa huchukua mkoa uliokuwa halali siku ya mauzo:

```sql
SELECT h.mkoa, SUM(m.kiasi) AS jumla
FROM mauzo m
JOIN mteja_mkoa h
  ON h.mteja_id = m.mteja_id
 AND m.tarehe >= h.kuanzia
 AND m.tarehe <  h.hadi
WHERE m.tarehe >= '2024-01-01'
  AND m.tarehe <  '2024-07-01'
GROUP BY h.mkoa;
```

Angalieni alama ya `<` kwenye `hadi`. Siku ya mwisho haihesabiwi, ndiyo maana tarehe ileile inaweza kumalizia mstari mmoja na kuanzia mwingine. Anayetumia `BETWEEN` kwa tarehe hizohizo atahesabu mauzo ya tarehe 1 Julai mara mbili, Mwanza na Dodoma. Na ikibaki siku isiyo na mstari, mauzo ya siku hiyo yanatoweka kimya kimya. Kipimo ni kimoja: jumla ya mikoa yote iwe sawa na jumla ya jedwali la mauzo peke yake, hadi shilingi ya mwisho. Pia, msihesabu wateja kwa kuhesabu mistari ya jedwali hili, maana 0417 ataonekana watu wawili.

Njia ambayo hatuikubali, na tumekwisha kuieleza mara nyingi, ni kumfungulia aliyehama namba mpya ya mteja. Mikoa inatulia kweli, lakini deni lake linabaki kwenye namba ya zamani, malipo yanaingia kwenye mpya, na taarifa inaonyesha Mwanza imepoteza mteja na Dodoma imepata mgeni. Mteja ni mmoja, namba ni moja.

Sasa utaratibu wa karani, kwa kuwa hapa ndipo kazi inapoharibikia. Karani akitaka kubadilisha mkoa aulizwe kwanza: mteja amehama, au mkoa uliandikwa vibaya tangu mwanzo? Kama uliandikwa vibaya, historia inapaswa kubadilika, na kufuta ni sahihi. Kama amehama, iandikwe tarehe aliyohama, si tarehe karani alipopata habari. Mteja aliyehama tarehe 1 na kutoa taarifa tarehe 20 ana siku 19 za mauzo zilizopigwa mkoa wa zamani. Kama mwezi bado uko wazi, zirekebisheni kwenye mistari yenyewe. Mwezi ukiwa umefungwa, msiguse. Wekeni mkoa mpya kuanzia siku ya kwanza ya mwezi ulio wazi, na tofauti iandikwe kwenye maelezo ya taarifa kwa namba ya mteja, kiasi na mikoa yote miwili. Taarifa inayotofautiana na iliyosainiwa bila maelezo hayo inarudishwa, na ikirudishwa inahesabika haijawasilishwa, hata kama ililetwa kabla ya tarehe ya mwisho.

Vyovyote mtakavyochagua, kila mwezi unapofungwa hifadhini nakala ya taarifa ya mikoa kama faili lisilobadilishwa, lenye tarehe lilipotolewa kwenye jina. Nakala hiyo haizuii tatizo, ila bila hiyo hakuna atakayejua limetokea. Mteja akiwa mtu binafsi, kwenye historia wekeni mkoa na tarehe tu. Kuhifadhi mlolongo wa anwani zake za nyumbani kunawaongezea bila sababu mzigo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Limebaki swali tunaloulizwa na wenzetu wa nyanda za juu kusini: mteja hajahama, mkoa ndio umebadilika, itakuwaje? Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na duka la Tunduma halikusogea hata hatua moja. Likitendewa kama lililohama, Songwe itaanza 2016 na miaka ya nyuma itabaki Mbeya, sawa na taarifa zilizosainiwa. Anayetaka kulinganisha eneo lilelile kwa miaka mingi ahifadhi pia wilaya ya mteja, kisha ajumlishe wilaya kwa mipaka ya mkoa ya mwaka mmoja aliouchagua, na mwaka huo autaje juu ya jedwali.