Jinsi protini inavyojikunja, na inavyoharibika: mfano wa hemoglobini

Kujikunja kwa protini ni mchakato ambao kwa huo mnyororo wa asidi amino, unapotoka kwenye ribosomu au muda mfupi baadaye, hujipinda na kujikusanya hadi ukapata umbo maalumu, na bila umbo hilo hauwezi kufanya kazi yake. Vitabu hulieleza umbo hilo kwa ngazi nne, na wanafunzi wengi huzikariri ngazi hizo bila kuona jinsi kila moja inavyotokana na iliyoitangulia. Ni rahisi zaidi kuzielewa kwa kuifuata protini moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa tutaifuata hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, kwa sababu inazo ngazi zote nne, ina msaidizi wake wa pekee, na magonjwa yake yanaonyesha waziwazi kwamba hitilafu ya kila ngazi huleta madhara ya namna yake.

Ngazi ya kwanza ni mpangilio wa asidi amino, yaani ipi inatangulia na ipi inafuata. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo ya aina mbili: alfa, yenye asidi amino 141, na beta, yenye asidi amino 146. Mpangilio huu huamuliwa na jeni, na ndio unaobeba maelekezo ya umbo zima. Jambo hili lilidhihirishwa na mwanakemia wa Marekani, Christian Anfinsen, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1972. Alichukua kimeng'enya kidogo kiitwacho ribonukliazi, chenye asidi amino 124, akakikunjua kwa yurea pamoja na kemikali inayokata vifungo vya salfa, hata kikapoteza uwezo wake wote. Alipoziondoa kemikali hizo taratibu, mnyororo ulijikunja wenyewe upya na kimeng'enya kikaanza tena kufanya kazi, ingawa ndani ya chupa hapakuwa na kitu chochote cha kukielekeza.

Ngazi ya pili ni maumbo madogo yanayojirudia kwenye sehemu fupi za mnyororo. Katika protini nyingi maumbo hayo ni mawili: helisi ya alfa, ambapo mnyororo huzunguka kama waya wa springi, na bapa la beta, ambapo vipande vya mnyororo hulala sambamba. Hemoglobini haina mabapa. Sehemu yake kubwa ni helisi. Kila mzunguko wa helisi huchukua asidi amino 3.6 hivi, na unashikiliwa na vifungo vya hidrojeni kati ya asidi amino moja na ile ya nne iliyo mbele yake. Mnyororo wa beta una helisi nane, ambazo wataalamu huzitaja kwa herufi kuanzia A hadi H.

Ngazi ya tatu ndiyo penye kazi kubwa. Helisi hizo hukunjana zikawa donge moja, na nguvu inayoongoza zaidi hatua hii ni tabia ya baadhi ya asidi amino kukwepa maji. Valini, lusini na fenilalanini hujificha katikati ya donge, huku zile zenye chaji zikibaki nje, zikigusana na maji ya seli. Katikati ya helisi hubaki mfuko mkavu ambamo hukaa heme, kiungo bapa chenye atomu moja ya chuma, kinachoshikiliwa na histidini iliyo kwenye helisi F. Ukavu wa mfuko huo si pambo. Maji yakiingia, chuma huoksidika kwa urahisi, na chuma kilichooksidika hakiwezi tena kushika oksijeni.

Ngazi ya nne huzihusu protini zinazoundwa na minyororo zaidi ya mmoja. Alfa moja na beta moja hushikana kwanza na kuwa jozi imara, kisha jozi mbili hukutana na kufanya molekuli kamili yenye minyororo minne. Mpaka kati ya jozi hizo mbili unaweza kuteleza kidogo, na mtelezo huo ndio unaoifanya hemoglobini ijaze oksijeni upesi kwenye mapafu na kuiachia kwenye tishu. Alfa iliyo peke yake hushika oksijeni pia, lakini haina ufundi huo wa kuiachia inapohitajika. Zaidi ya hayo, ikiwa peke yake haina uthabiti.

Hapo ndipo tunapofikia chaperoni, yaani protini zinazozisaidia protini nyingine kujikunja bila kukwama. Mtu anaweza kuuliza zinahitajika kwa nini, ilhali Anfinsen alionyesha kwamba maelekezo yote yamo ndani ya mnyororo wenyewe. Jibu ni kwamba chupa ya maabara ina protini chache zilizoachana mbali, lakini seli imejaa protini hadi zinabanana. Mnyororo unaotoka kwenye ribosomu huwa na zile sehemu zinazokwepa maji zikiwa wazi, na zikikutana na sehemu kama hizo za mnyororo mwingine hunatana kabla hata ya kupata nafasi ya kujificha. Chaperoni za kundi la Hsp70 huzishika sehemu hizo kwa muda, kisha huziachia kwa kutumia nishati ya ATP, ili mnyororo ujaribu tena. Chaperoni nyingine zina umbo la chumba, na mnyororo huingia humo ukajikunja ukiwa umetengwa na mingine. Lililo muhimu ni kwamba chaperoni hizi haziuambii mnyororo uchukue umbo gani. Kazi yake kubwa ni kuuzuia usinatane na mingine.

Hemoglobini ina chaperoni yake maalumu, iliyoelezwa mwaka 2002 na kuitwa AHSP. Hii huishika alfa peke yake, tena kwenye uso uleule ambao baadaye utashikana na beta, na kwa kufanya hivyo huifanya iwe thabiti wakati inaposubiri mwenzake. Beta ikifika, hushikana na alfa kwa nguvu kubwa zaidi, na AHSP huachia. Panya waliofanywa wakose AHSP walionekana kuwa na mabonge ya hemoglobini iliyoharibika ndani ya chembe zao nyekundu, na panya wenye thalasemia ya beta, ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa minyororo ya beta, walipokosa pia chaperoni hiyo, hali yao ilizidi kuwa mbaya.

Thalasemia ya beta ni mfano mzuri wa protini isiyo na kosa lolote katika mpangilio wake ambayo hata hivyo huleta ugonjwa. Jeni ya beta hutoa minyororo michache mno, au haitoi kabisa, wakati alfa zinaendelea kutengenezwa kama kawaida. AHSP huzishika baadhi, na mfumo wa seli wa kuvunja protini mbovu humeza nyingine, lakini uwezo wa vyote viwili una kikomo. Alfa zinazobaki hupoteza umbo, huachia heme na chuma chake, hugandamana na kuharibu utando wa seli. Seli changa nyingi hufia ndani ya uboho kabla ya kuingia kwenye damu. Kwa hiyo upungufu wa damu katika ugonjwa huu hauletwi tu na uchache wa hemoglobini, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali pia na sumu ya alfa zilizokosa mwenza. Ushahidi wake ni kwamba mgonjwa aliyerithi pia upungufu wa alfa huwa, kwa kawaida, na hali nafuu kuliko yule ambaye alfa zake ni kamili.

Kosa la ngazi ya tatu huonekana katika hemoglobini zisizo thabiti. Mojawapo huitwa Hb Köln, ambamo valini ya nafasi ya 98 kwenye beta imebadilishwa na metionini, karibu kabisa na mfuko wa heme. Molekuli hujikunja, lakini umbo lake ni legelege na huharibika mapema. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini wala ribosomu, kwa hiyo haiwezi kutengeneza protini mpya wala chaperoni mpya, na inatakiwa kuishi siku 120 hivi na ile hemoglobini iliyopewa mwanzoni. Hemoglobini legelege haimalizi muda huo. Huganda na kuwa mabonge yanayoitwa miili ya Heinz, ambayo huonekana kwa hadubini kama vidoa vilivyobandikwa kwenye utando ikiwa damu imetiwa rangi kabla chembe hazijakaushwa. Kwenye rangi ya kawaida ya kipimo cha damu hayaonekani, na hapo ndipo yanapoweza kumpita mpimaji. Maabara pia huchanganya hemoglobini na isopropanoli kwenye joto la nyuzi 37: ile ya kawaida hubaki angavu kwa muda, na ile isiyo thabiti hufanya ukungu upesi.

Selimundu huorodheshwa mara nyingi miongoni mwa magonjwa ya protini zilizojikunja vibaya, na kwa maoni yangu kuliweka hapo kunapotosha. Kosa lake liko kwenye ngazi ya kwanza: glutamati ya nafasi ya 6 kwenye beta imebadilishwa na valini. Lakini mnyororo huo hujikunja sawasawa, hupata helisi zake zote, hupokea heme, huungana na alfa na hubeba oksijeni. Tatizo ni kwamba valini hiyo, inayokwepa maji, imebaki nje, juu ya uso wa molekuli. Molekuli inapoachia oksijeni, hufunguka kijishimo kati ya fenilalanini ya 85 na lusini ya 88 kwenye beta ya molekuli jirani, na valini huingia humo. Molekuli hujipanga hivyo moja baada ya nyingine hadi zikawa nyuzi ndefu ngumu zinazoivuta chembe ichukue umbo la mundu. Oksijeni ikirudi, nyuzi huyeyuka. Protini iliyoharibika umbo hairudi kirahisi namna hiyo, na katika thalasemia mabonge ya alfa hayayeyuki kwa kuongezewa oksijeni.

Tofauti hii inaonekana hata kwenye matibabu. Mwezi Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kuhariri jeni ambayo hutumika kwa magonjwa yote mawili, na hufanya jambo moja tu: huwezesha seli kutengeneza tena mnyororo wa gama, ambao mtoto huutumia akiwa tumboni badala ya beta. Kwa mwenye thalasemia, gama huipatia alfa mwenza, nayo haibaki peke yake ikaharibika. Kwa mwenye selimundu, ambaye alfa zake hazikuwa na upungufu wa wenza, gama huchukua nafasi za beta yenye kosa, na molekuli zenye gama haziingii vizuri kwenye nyuzi, hivyo nyuzi huchelewa kuanza na chembe hupata muda wa kurudi kwenye mapafu kabla hazijajipinda.