Spichi ya shukrani usiku wa tuzo za filamu: usipomtaja kila mtu hujakosa adabu

Hii dhana ndio inaharibu spichi nyingi, eti ukiwa na roho ya shukrani lazima utaje majina yote. Ukweli ni kwamba orodha ndefu ndio inaumiza watu. Ukitaja 20, yule wa 21 amekaa pale anajua kabisa amesahaulika, ila ukimtaja mmoja na ukasema alifanya nini, wengine hawahesabu maana wanajua amesimama kwa niaba yao. Mwaka 2000 mwigizaji Hilary Swank alichukua Oscar akashukuru watu kibao, akamsahau mume wake, na kesho yake hiyo ndo ikawa habari. Pale Oscar muda wenyewe ni sekunde 45 tu afu muziki unaanza, na mwaka 2016 walijaribu kupitisha majina ya wanaoshukuriwa chini ya skrini ili mshindi aongee la maana.

Wengine wanasema fupi inaonekana baridi. Hapana jamani, ubaridi unatokana na kutaja vyeo, "producer, meneja, wadhamini", mtu haoni sura ya yeyote. Hebu sikia hii, tuseme ya dairekta:

"Asanteni sana. Usiku wa mwisho wa kushuti mvua ilinyesha, na fundi wetu wa sauti alivua koti lake akafunika maiki, yeye akalowa mpaka alfajiri. Ile sauti ya mlango mnayoisikia mwisho wa filamu ni ya usiku ule. Timu nzima ilikuwa hivyo. Mama, najua hujalala unaangalia, asante."

Maneno hayafiki 50, ukiyasema taratibu hata nusu dakika haiishi, na timu nzima imeguswa (jina la fundi unaliweka hapo hapo, usiliache). Mimi naipenda zaidi kuliko ile ya mwigizaji Joe Pesci kwenye Oscar ya 1991, aliyesema ni heshima kwake, asante, akashuka. Ile ni fupi kweli lakini hakuna mtu ndani yake.

Halafu kuna hii ya "nitaongea tu kutoka moyoni, sijiandai". Asiyejiandaa ndiye anayeongea mrefu kuliko wote, maana taa zikimpiga usoni kichwa kinakuwa cheupe, kitu pekee kinachokuja ni majina, na akianza majina hajui amalizie wapi. Jiandae kwa kusema kwa sauti huku stopwochi inahesabu, sio kusoma kimoyomoyo, kimoyomoyo unakimbia. Kama umepewa sekunde 45 lenga 30, zile 15 zitaliwa na makofi, pumzi na machozi. Kwenye kikaratasi andika vitu vitatu tu: koti, mlango, mama. Sentensi ya mwisho ikae kichwani kabisa, ukishaisema shuka, hata kama muda umebaki. Wale usiowataja wapigie simu kesho asubuhi mmoja mmoja, huko ongea hata nusu saa.