IPO ni nini? Hisa za Safaricom kutoka shilingi 5 hadi siku ya kwanza sokoni

Kampuni inapouza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza, ndipo tunasema imefanya IPO, yaani toleo la awali la hisa kwa umma. Watu wengi Afrika Mashariki walilijua neno hili mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipouza sehemu ya hisa zake za Safaricom. Ziliuzwa hisa bilioni 10, robo ya kampuni nzima. Fedha zilikwenda Hazina ya serikali, wala Safaricom haikupata mtaji mpya, kwa sababu aliyekuwa akiuza ni mwenye hisa. Kampuni hupata fedha pale inapotoa hisa mpya.

Bei ilipangwaje? Washauri wa mauzo huanza na thamani ya kampuni nzima: inapata faida kiasi gani, inatarajiwa kukua vipi, na kampuni zinazofanana nayo zinauzwaje kwingine. Safaricom ilikuwa na hisa bilioni 40, kwa hiyo bei ya shilingi 5 ilimaanisha kampuni yote ina thamani ya shilingi bilioni 200. Kisha bei hupunguzwa kidogo makusudi, maana hisa zikidoda ni aibu kwa muuzaji na pia kwa mshauri wake. Wanunuzi wa ndani walitozwa shilingi 5, wawekezaji wa kigeni 5.50.

Kuna njia mbili kuu za kupanga bei. Katika ya kwanza, wawekezaji wakubwa huulizwa kila mmoja angechukua hisa ngapi kwa bei gani, na bei huamuliwa baada ya majibu yao kukusanywa. Katika ya pili, bei hutangazwa mapema na haibadiliki, na ndiyo waliyokutana nayo Wakenya wa kawaida. Ubaya wake ni kwamba watu wakifurika bei haiwezi kupanda, kwa hiyo kinachopungua ni mgao.

Nao walifurika kweli. Maombi yalifunguliwa mwishoni mwa Machi na kufungwa Aprili 23, kiwango cha chini kikiwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Kila mwombaji alihitaji akaunti ya CDS, ambamo hisa huandikwa kwa njia ya kielektroniki, na alilipa fedha zote kabla ya kujua atapewa ngapi. Mwishowe waombaji wa ndani walipata takriban asilimia 21 ya walichoomba.

Hapo ndipo hesabu za wengi zilipovurugika, hasa waliokopa benki. Chukua mfano wa mtu aliyekopa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, akaomba hisa 100,000. Kwa mgao wa asilimia 21 anapata hisa 21,000, zenye thamani ya shilingi 105,000, na 395,000 zilizobaki anarudishiwa. Lakini fedha zote zikikaa miezi miwili kabla ya marejesho, riba inafika 12,500. Igawe kwa hisa 21,000: kila hisa imemgharimu karibu senti 60 zaidi. Bei yake halisi si 5 bali ni 5.60.

Hisa zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi Juni 9, 2008. Asubuhi ya siku kama hiyo bei ya toleo haina nguvu tena. Madalali wa hisa huingiza katika mfumo maagizo ya wateja, wengine wakitaka kununua, wengine kuuza, kila mmoja na bei yake. Mfumo hukutanisha mnunuzi na muuzaji waliopatana bei. Walionyimwa mgao bado wanazitaka hisa, na walionazo wengi hawana haraka, kwa hiyo bei hupanda. Siku ile ilivuka shilingi 7.

Yule aliyekopa, akiuza kwa 7 na kukatwa takriban asilimia 2 za ada, anabaki na 6.86. Ukiondoa 5.60, faida ni shilingi 1.26 kwa hisa, jumla 26,460. Si haba, ila alipojaza fomu alikuwa akipigia hesabu hisa 100,000 zenye faida ya shilingi 2 kila moja.

Aliyesubiri bei ipande zaidi aliona mengine. Joto la siku ya kwanza huisha waliotaka kuuza upesi wanapomaliza kuuza na wanunuzi wenye hamu kutosheka. Safari hii kulikuwa pia na msukosuko wa fedha duniani, uliowafanya wageni wauze. Kabla mwaka haujaisha hisa ilikuwa chini ya 5, na mapema 2009 ikashuka chini ya 3.