Tundu dogo la msumari na hatari ya pepopunda

Je, kwa nini tundu dogo la msumari huogopwa kuliko mkato mpana unaotoka damu nyingi?

Bakteria wa pepopunda hawastawi penye hewa. Hukaa kwenye udongo, vumbi na samadi wakiwa katika hali ya spora ngumu, na huamka pale wanapozama ndani ya nyama isiyofikiwa na oksijeni. Kutu si sumu. Hatari ya msumari ni uchafu unaouingiza chini, kisha tundu likajifunga juu yake. Ngozi iliyoungua kwa moto pia ina nyama iliyokufa, kwa hiyo nayo huweza kuwahifadhi.

Tuseme mtu amekanyaga msumari ukapenya soli hadi kisiginoni, nao umeshatoka. Anawe mikono kwa sabuni, kisha, ikiwa damu inatoka, akandamize kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Baada ya hapo aoshe jeraha kwa maji safi ya kunywa yanayotiririka kwa dakika 5 hadi 10, sabuni ikipita pembeni tu. Spiriti isimiminwe ndani, maana huua hata nyama nzima inayohitajika kuponya. Majivu, dawa ya meno na gundi navyo visitumike, kwani huziba uchafu ndani. Kipande kilichozama kisichokolewe nyumbani. Jeraha lifunikwe kwa shashi safi, ibadilishwe kila siku au mara inapolowa, na mhusika aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa kuwa maji ya nyumbani hayafiki mwisho wa tundu refu.

Wekundu kidogo na maumivu ya siku ya kwanza ni ya kawaida. Njia ninayoiamini ni kuchora kwa kalamu mpaka wa wekundu huo: ukivuka mstari siku zinazofuata, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, au usaha ukatoka, jeraha limeambukizwa. Homa, au mstari mwekundu unaopanda mguuni, humaanisha kwenda hospitali bila kungoja asubuhi.

Dalili za pepopunda ni tofauti, na mara nyingi huonekana kati ya siku ya 3 na ya 21, pengine kidonda kikiwa kimeshapona: taya hukaza, kumeza kunakuwa kugumu, shingo inakakamaa. Sumu ya bakteria imeshafika kwenye mishipa ya fahamu, kwa hiyo kusubiri dalili ni kuchelewa. Kwa jeraha refu au chafu, aliyemaliza dozi zake za chanjo huongezewa moja ikiwa ya mwisho imepita miaka 5. Asiyewahi kuchanjwa, au asiyekumbuka, huhitaji chanjo pamoja na sindano ya kingamwili zilizo tayari, kwa sababu chanjo peke yake huchukua muda kujenga kinga. Hata aliyewahi kuugua pepopunda akapona huchanjwa, kwani ugonjwa huo hauachi kinga mwilini.