Miaka kumi ya Jinja: viví au vivía?

"Niliishi Jinja miaka kumi. Muda wote huo, mbona kitabu cha Kihispania kinaandika viví na si vivía?"

Kwa sababu urefu wa muda hauamui chochote. Ukishataja miaka kumi umeifunga: ilianza, ikaisha, ukaihesabu. Viví en Jinja diez años. Hata karne nzima ingechukua preterito, yaani umbo la viví, mradi unaitazama kutoka nje kama kitu kimoja kilichokwisha.

Sasa ondoa hesabu, uingie ndani ya kipindi chenyewe: Vivía en Jinja cuando conocí a mi esposa. Hapa kuishi Jinja ni mandhari tu. Hatuambiwi kulianza lini wala kuliisha lini. Tukio ni conocí. Kiswahili kinasema vivyo hivyo: "Nilikuwa nikiishi Jinja nilipofahamiana na mke wangu."

Ila usiiegemee -li- peke yake. "Nilimfahamu" yaweza kuwa la conocí, siku mliyojuana, au la conocía, kwamba mlikuwa mnajuana tayari. Wanafunzi wangu wa Kampala hujikwaa hapo kuliko kwingine kote, na siwalaumu, kwani Kiswahili kimewaachia umbo moja kwa maana mbili.