Madondoo ya Kitabu cha Kiada: Swali, Muhtasari na Ramani ya Dhana

Madondoo, au notsi kama wanafunzi wengi wanavyoziita, ni maandishi mafupi ambayo msomaji hujiandikia anaposoma kitabu, ili baadaye aweze kuyajenga upya kichwani yale aliyoyasoma bila kukifungua kitabu chenyewe. Uzito wa maana hii umo katika sehemu yake ya mwisho. Daftari lililojaa sentensi zilizonakiliwa kitabuni halimwonyeshi mwenyewe ni lipi aliloelewa na ni lipi lililompitia machoni tu. Mwaka 2013 wanasaikolojia walioongozwa na John Dunlosky walizichambua mbinu kumi za kujisomea. Kupiga mistari ya rangi na kurudia kusoma, mbinu mbili zinazopendwa kuliko zote, waliziweka katika daraja la chini la manufaa, na kujipima kwa maswali wakakuweka daraja la juu. Muhtasari nao uliangukia daraja la chini, na sababu yake inafaa kukumbukwa: huwasaidia wanaojua kuuandika, lakini wengi hawajafundishwa.

Ili tuone madondoo yenye manufaa yanavyoandikwa, tuchukue mada moja ya Jiografia, yaani pepo za msimu. Mwanafunzi wa Malindi au Lamu huzijua kaskazi na kusi kabla hajaanza shule. Huwasikia wavuvi wakizitaja, na hujua kwamba mwezi wa Juni na Julai bahari huchafuka kiasi cha vyombo vidogo kukaa pwani. Mazoea hayo ni faida, lakini pia ni mtego, kwa kuwa anapokutana na mada hiyo kitabuni huipitia haraka akiamini kwamba anaijua, kumbe anachokijua ni majina na miezi, wala si sababu.

Hapo ndipo swali linapofanya kazi yake. Mwaka 1946 Francis Robinson, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio huko Marekani, alieleza njia ya kusoma yenye hatua tano: kuipitia sura juu juu, kuuliza, kusoma, kujieleza bila kuangalia kitabu, na kudurusu. Katika hatua ya kuuliza, msomaji hukichukua kila kichwa kidogo cha sura na kukigeuza kuwa swali kabla hajasoma aya zilizo chini yake. Kichwa kinachosema "Pepo za Msimu" wengi hukigeuza kuwa "Pepo za msimu ni nini?", na hilo ni swali dhaifu, kwa sababu hujibiwa kwa kunakili sentensi ya kwanza ya aya, na msomaji akishaipata huacha kutafuta. Swali lenye nguvu zaidi ni hili: "Kwa nini upepo wa pwani yetu hutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, kisha ukageuka na kuvuma kutoka kusini?" Swali hilo halijibiki kwa sentensi moja ya kunakili, humlazimu msomaji kuisaka sababu, na sababu imetawanyika katika aya kadhaa.

Mahali pa kuliandika swali hilo ni pambizo la kushoto. Mpangilio uliozoeleka ni ule uliotokana na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell: mstari wa wima huigawa karatasi ili kushoto kubaki ukanda mwembamba wa maswali, upana wa sentimita sita hivi, kulia kuwe na nafasi kubwa ya majibu, na chini kabisa kuachwe sehemu ya muhtasari wa ukurasa mzima. Rula na penseli zinatosha, na daftari la kawaida la shule linafaa.

Muhtasari ndio hatua ngumu kuliko zote, na ugumu wake hutokana na sharti moja ambalo wengi hulikwepa: huandikwa kitabu kikiwa kimefungwa. Msomaji husoma aya zote za kichwa kidogo kimoja, hufunga kitabu, kisha hulijibu swali lake kwa maneno yake mwenyewe. Tuseme ameandika hivi: "Pepo za msimu husababishwa na tofauti ya mgandamizo wa hewa baina ya bara na bahari." Sentensi hiyo ni sahihi, na pengine ndiyo hiyo hiyo iliyomo kitabuni, lakini swali halijajibiwa. Tofauti hiyo imetoka wapi, na kwa nini inageuka katikati ya mwaka? Akishindwa kuendelea, ameshapata jambo la thamani, kwa maana sasa anajua ni aya ipi ya kurudia, na atairudia akitafuta kitu mahususi.

Baada ya kurudi kitabuni na kukifunga tena, huenda akaandika hivi: "Nchi kavu hupata joto haraka na hupoa haraka kuliko bahari. Asia inapopoa katika majira yake ya baridi, hewa iliyo juu yake huwa nzito, mgandamizo hupanda, na hewa husukumwa kuelekea kusini kwenye joto. Hiyo ndiyo kaskazi. Katikati ya mwaka Asia hupata joto, hewa yake huwa nyepesi na kupanda juu, mgandamizo hushuka, na hewa ya bahari ya kusini huvutwa kwenda huko. Hiyo ndiyo kusi." Sentensi tano hizo zimebeba kurasa mbili au tatu za kitabu. Zimeacha pia jambo moja kwa makusudi, nalo ni jinsi mzunguko wa dunia unavyoupinda upepo unapovuka ikweta, kwa kuwa jambo hilo linastahili swali lake kwenye mstari unaofuata. Muhtasari unaojaribu kubeba kila kitu hurudi kuwa nakala ya kitabu.

Kwa wanafunzi wa Kenya, ambao vitabu vyao vya Jiografia vimeandikwa kwa Kiingereza, napendekeza kwamba jibu la kwanza liandikwe kwa Kiswahili, kisha istilahi zinazotakiwa katika mtihani ziongezwe pembeni kama zilivyo kitabuni. Sentensi ya Kiingereza inaweza kunakiliwa na asiyeielewa, ila kuieleza kwa lugha ya nyumbani bila kuielewa ni vigumu mno.

Ramani ya dhana huja baada ya maswali kadhaa kujibiwa, na kazi yake ni kuonyesha jinsi majibu yanavyoshikana. Ilibuniwa na Joseph Novak na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1972, walipokuwa wakichunguza jinsi watoto wanavyozielewa dhana za sayansi, na iliegemea mawazo ya David Ausubel, aliyeshikilia kwamba jambo jipya hueleweka linapofungamanishwa na lile ambalo mtu tayari analijua. Dhana huandikwa ndani ya visanduku, visanduku huunganishwa kwa mishale, na juu ya kila mshale huandikwa kitenzi. Kitenzi hicho ndicho kinachoitofautisha ramani na michoro mingine, kwa kuwa kisanduku, mshale na kisanduku kinachofuata sharti visomeke kama sentensi kamili inayoweza kuwa kweli au uongo. Kwa mfano: kupoa kwa Asia → hupandisha → mgandamizo wa hewa, mgandamizo wa hewa → huanzisha → kaskazi, kaskazi → ilileta → majahazi ya Arabuni.

Sentensi hiyo ya mwisho tayari imetoka kwenye Jiografia na kuingia kwenye Historia, na hapo ramani huzaa kile ambacho swali na muhtasari peke yake havikizai kwa urahisi. Katika daftari la Historia mwanafunzi huyo huyo ameandika kwamba Vasco da Gama aliondoka Malindi mwezi wa Aprili 1498 akafika Kalikuti, India, mwezi wa Mei, safari isiyotimiza mwezi. Na kwamba aliporudi alianza kuvuka bahari mwezi wa Oktoba, akatumia takriban miezi mitatu, akapoteza mabaharia wengi kwa maradhi, na kufika Malindi Januari 1499. Zikisomwa hivyo, ni tarehe za kukariri tu. Zikiwekwa kwenye ramani, mshale unatoka "kusi" hadi "safari ya Aprili 1498", na kitenzi kinakuja chenyewe: iliisukuma. Mshale wa "safari ya kurudi" ndio unaomsumbua. Hawezi kuandika kwamba kaskazi iliisukuma, kwa sababu ingekuwa hivyo safari isingechukua muda wote huo. Anaporudi kwenye swali lake la pambizoni anaona kwamba kaskazi hukolea kuanzia Desemba, na hivyo Oktoba ilikuwa mapema mno. Merikebu zilikutana na shwari na pepo za mbele. Mshale unaandikwa: ilianza kabla ya kukolea kwa → kaskazi. Tarehe mbili zilizokuwa mzigo sasa zina sababu moja, na swali jipya linaingia pambizoni: je, nahodha wa jahazi aliyezijua pepo hizi angeng'oa nanga mwezi gani?

Ramani huharibika kwa njia zinazotambulika. Ya kwanza ni kitenzi kilegevu. Mishale ikiandikwa "inahusiana na", basi mwandishi hajui uhusiano huo ni upi, na kila mshale wa namna hiyo ugeuzwe kuwa swali. Ya pili ni wingi wa visanduku. Kwa mada ndogo kama hii visanduku vinane hadi kumi vinatosha, na vikizidi sana macho huona utando wa mistari tu. Ya tatu ni kuichora kitabu kikiwa wazi. Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt walilinganisha wanafunzi waliochora ramani huku matini ikiwa mbele yao na wengine waliosoma, wakaiweka kando, na kuandika walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya wiki moja, kundi la pili lilifanya vizuri zaidi, hata pale mtihani wenyewe ulipotaka ramani ichorwe. Kwa hiyo ramani nayo ichorwe kwa kumbukumbu, kwa penseli, kisha kitabu kifunguliwe kwa ajili ya kusahihisha, na masahihisho yaandikwe kwa wino wa rangi nyingine ili mapengo yaonekane.

Si kila ukurasa unaostahili ramani. Sura ya Hisabati inayofundisha kutatua milinganyo hufaidika zaidi na mfano mmoja uliofanywa hatua kwa hatua, pambizoni pakiwa na swali "kwa nini hatua hii?", na orodha fupi ya miji mikuu haina mahusiano ya kuchora.

Madondoo yakishakamilika hutumika kwa kufunikwa. Mwanafunzi huweka kipande cha karatasi juu ya sehemu ya kulia, husoma swali la pambizoni, hulijibu kwa sauti au kwa kuandika, kisha hufunua na kulinganisha. Kesho yake hufanya hivyo, na baada ya wiki hufanya tena. Swali lililomshinda hulitia alama ya nukta, na lile lililojibika sawasawa mara kadhaa, siku tofauti, huliruka, ili muda wa jioni ubakie kwa yale yenye nukta.